Uzoefu wangu: Barua pepe ya ofa ya sikukuu kutoka kwa msambazaji wetu wa vyakula

Ninashughulikia manunuzi kwenye supamaketi moja hapa Dodoma, na katikati ya Novemba 2025 msambazaji wetu wa Dar es Salaam alitutumia ofa yake ya Krismasi na Mwaka Mpya. Ofa za aina hii huja nyingi msimu huo. Hii nimeona niieleze kwa sababu iliandikwa na mtu anayejua duka linafanya kazi vipi, ingawa mambo mawili ya msingi hayakuwemo.

Kilichonifurahisha zaidi ni tarehe. Wengi huandika tu “agiza mapema, mzigo ni mchache”. Huyu alitenganisha: bidhaa kavu, mwisho wa oda ni Ijumaa tarehe 5 Disemba saa 10 jioni, kuku na samaki waliogandishwa, Ijumaa tarehe 12. Chini yake akaeleza kwamba oda inahesabika pale malipo yanapoonekana kwenye akaunti yao, siyo pale hati ya oda, yaani LPO, inapotumwa, na kwamba oda isiyolipiwa haipangiwi gari. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyotuokoa. Bosi wangu alipanga kulipa Ijumaa hiyo hiyo mchana, nikamwonyesha barua, tukalipa Jumatano. Pesa ya benki moja kwenda nyingine ikitumwa Ijumaa jioni inaweza kuonekana Jumatatu, na hapo umeshaikosa gari ya kwanza.

Kwa Dodoma gari ya kwanza ina uzito wake. Wateja wetu wengi ni watumishi wa serikali, na sehemu kubwa yao husafiri kwenda kwao kabla ya Krismasi. Wananunua zawadi za kubeba safarini, kisha mji unapungua watu. Mzigo wa zawadi ukifika tarehe 22 unakuta wanunuzi wako stendi au kwenye treni. Sisi tunataka biskuti za kopo ziwe rafuni ifikapo tarehe 12 hivi, na safari hii zilifika tarehe 10.

Sasa ofa yenyewe. Biskuti za kopo: ukinunua katoni 10 unapata moja bure, katoni shilingi 60,000. Barua haikusema kama bei hiyo ina VAT au haina, na hilo ndilo lalamiko langu la kwanza. Nilipopiga simu nikaambiwa haina. Kwa hiyo katoni 10 ni 600,000, ukiongeza asilimia 18 inakuwa 708,000, na unaigawanya kwa katoni 11 unazopokea: kila moja inakugharimu kama 64,360. Bila ofa ungelipa 70,800. Punguzo ni asilimia 9 na kidogo, siyo 10 kama muuzaji wao alivyokuwa akitamka kwenye simu. Halafu ofa inahesabu makumi tu. Mwenzangu wa stoo alitaka katoni 18. Kwa idadi hiyo bado ungepata moja tu ya bure, na punguzo lingeshuka hadi kama asilimia 5. Tukachukua 20, tukapokea 22.

Lalamiko la pili ni zito zaidi: hakukuwa na tarehe za mwisho wa matumizi. Ofa ya sikukuu ni mahali ambapo mzigo uliokaa ghalani hupata njia ya kutoka. Niliwajibu nikaomba tarehe ya kila bidhaa, wakaleta orodha siku iliyofuata bila kusumbua. Biskuti zilikuwa sawa, hadi Agosti. Juisi za boksi, ambazo ndizo zilizokuwa na punguzo kubwa kuliko zote, zilikuwa zinaisha mwanzoni mwa Februari. Januari kwetu ni ada za shule na biashara ya juisi inalala, na barua ilisema wazi kwamba bidhaa za ofa hazirudishwi. Nikaziondoa kwenye oda.

Kuku walifika tarehe 17. Nilipanda mwenyewe kwenye gari kabla hawajashusha, nikaangalia kipimajoto, kilisoma nyuzi -18. Nikafungua katoni za nyuma na za karibu na mlango, maana za mlangoni ndizo hupata joto kwanza. Hakukuwa na barafu ya damu chini ya mifuko, ambayo ndiyo dalili kwamba kuku waliyeyuka njiani wakagandishwa upya. Nikasaini.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa Pasaka nitaagiza kwao tena, na nimeshawaandikia kwamba kabla sijaandaa LPO nataka kuona bei yenye VAT na tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye mstari wa kila bidhaa.