Saa ya kukata siku: uzoefu wangu na programu ya mauzo hapa Kibirizi, Kigoma

Nina mgahawa karibu na mwalo wa Kibirizi. Mchana tunauza ugali kwa mgebuka, jioni nyama choma na soda, na wikiendi tunakesha mpaka wateja wachoke. Usiku ukikaribia kwisha wanaanza kuingia wavuvi waliotoka ziwani, wanataka chai ya moto na chapati. Tangu mwanzo wa mwaka jana tunatumia programu ya mauzo ya kwenye simu: mbili za kaunta na moja ya kijana anayepeleka vyakula nje. Nimekaa nayo muda wa kutosha kuieleza, na nitaeleza sehemu moja tu, ile iliyokaribia kunigombanisha na mfanyakazi mwaminifu.

Ilikuwa Jumamosi ya 18 Oktoba. Saa tatu usiku mtandao ulikatika. Programu haikusimama, na kwa hilo naisifu: iliendelea kutoa risiti na kuzihifadhi kwenye simu. Tulifunga karibu na saa kumi usiku. Keshia wa zamu ya usiku alinikabidhi shilingi 519,000, mbali na chenji ya kuanzia. Asubuhi saa moja mtandao ukarudi, simu zikasinki, nikafungua ripoti. Jumamosi ikasomeka 268,000. Nikadhani kuna risiti bado zinapanda, nikaacha.

Jumapili tulifunga mapema, saa nne usiku. Droo ilikuwa na 331,000 lakini ripoti ilisema 582,000. Pungufu ya 251,000. Nikamwita keshia wa Jumapili.

"Mama, hela yote nimekukabidhi," aliniambia. "Angalia risiti moja moja, mimi nipo hapa hapa."

Nilikuwa nimekasirika na nikamwambia fedha hiyo itakatwa kwenye mshahara wake. Kesho yake nilipotulia nikaona jambo ambalo ningeliona mapema kama ningetazama siku mbili kwa pamoja: Jumamosi ilikuwa imezidi kwa 251,000 zile zile. Hakuna aliyeiba. Mauzo yote kuanzia saa tatu usiku ya Jumamosi yalihesabiwa Jumapili, kwa sababu ndiyo siku yalipofika kwenye seva. Nilimwomba radhi binti yule mbele ya wenzake na sikumkata kitu. Tangu hapo, nikiona siku moja imezidi na inayofuata imepungua kwa kiasi kile kile, natafuta kosa kwenye tarehe kabla ya kumtazama mtu.

Kila risiti ina nyakati mbili. Kuna wakati mteja alipolipa, unaoandikwa na simu, na kuna wakati seva ilipopokea. Mtandao ukiwepo nyakati hizo hupishana kwa sekunde chache, kwa hiyo unaweza kutumia programu miezi mingi usijue ripoti inafuata upi. Mtandao ukikatika ndipo inapojulikana. Kwenye programu hii chaguo lipo ndani ya mipangilio ya ripoti, na lilikuja likiwa limewekwa kwenye wakati wa kupokea. Nikalibadilisha lifuate wakati wa kuuza.

Nikatarajia Jumamosi isomeke 412,000, yaani mauzo mpaka saa sita usiku. Yale yaliyofuata, 107,000, nilijua yataenda Jumapili mpaka nitakaporekebisha. Badala yake ilisoma 501,000. Si 412,000, si 519,000. Nikapitia risiti moja moja kama yule binti alivyoniambia. Ya mwisho ya Jumamosi ilikuwa ya saa nane na dakika 57 usiku, na ya kwanza ya Jumapili ya saa tisa na dakika nne. Siku ilikuwa inakatwa saa tisa usiku kamili.

Saa hiyo si ya bahati mbaya. Seva nyingi hutunza wakati kwa saa ya dunia, UTC, na Tanzania tuko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima. Saa sita usiku ya UTC ndiyo saa tisa usiku yetu. Kwa hiyo ukikuta siku yako inageuka saa tisa kamili, programu haijaambiwa iko nchi gani. Nilipoingia kwenye mipangilio ya tawi nikakuta sehemu ya ukanda wa saa haijajazwa. Nikachagua `Africa/Dar_es_Salaam`, na hapo Jumamosi ikawa 412,000 kama nilivyotarajia.

Wapo wenzangu wenye baa ambao wameliona hili na kuliacha hivyo hivyo, kwa kuwa wao hufunga saa nane na kosa linawaangukia vizuri. Sikubaliani nao. Siku watakayojaza ukanda wa saa, au programu ikijijazia yenyewe baada ya kusasishwa, mauzo ya baada ya saa sita usiku yatahamia siku nyingine na hawatajua kwa nini.

Baada ya hapo ndipo nikafika kwenye chenyewe, saa ya kukata siku. Kwenye skrini imeandikwa `Business day starts at`. Ukiweka saa fulani, kila kilichouzwa kabla yake kinahesabiwa kwenye siku iliyotangulia. Hakuna saa moja inayofaa biashara zote. Inatakiwa iwe saa ambayo kwako watu hawanunui, ili asiwepo mteja anayekaa juu ya mpaka. Nilichukua risiti za mwezi mzima nikazihesabu kwa saa. Wanywaji wa usiku walikuwa wakipungua kuanzia saa nane, na wa saa tisa ni wachache. Saa kumi mpaka kumi na nusu karibu hakuna mtu, halafu wavuvi wanaingia. Nikachagua saa kumi usiku. Niliangalia pia siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawatoki kwa sababu taa zao hazivuti samaki chini ya mwezi mkali. Siku hizo chai ya alfajiri haiuziki sana lakini saa kumi bado ni tupu, kwa hiyo mpaka unabaki salama.

Niliagiza keshia aiweke. Akaandika `10:00`, kwa kuwa nilimwambia saa kumi. Kwa skrini ile `10:00` ni saa nne asubuhi, na saa kumi usiku ni `04:00`. Siku mbili nzima chai na chapati zote za wavuvi ziliingia kwenye hesabu ya siku iliyopita. Watengenezaji wakiweka maneno "usiku" na "asubuhi" mbele ya saa hiyo wataokoa watu wengi wa nchi hii. Kwa sasa, ukishaweka saa, subiri mauzo ya kwanza ya alfajiri uone yameangukia siku gani.

Kwa mpangilio sahihi Jumamosi ile ilisomeka 519,000 na Jumapili 331,000, sawa na droo zote mbili. Kwenye daftari la zamu tumeacha kuandika "usiku wa Jumapili", maana mmoja anaelewa usiku wa kuamkia Jumapili na mwingine usiku wenyewe wa Jumapili ukiingia. Tunaandika siku tuliyofungua mlango.

Kama programu yako haina mpangilio huu, bado unaweza kujisaidia kwenye jedwali la kompyuta. Pakua risiti zako, na kama wakati ulioandikwa kwenye safu ya B ni wa UTC, weka hii pembeni kisha uipe seli muundo wa tarehe:

```
=INT(B2+3/24-4/24)
```

Inaongeza saa tatu kufika saa yetu, inatoa saa nne za mpaka wetu, halafu inabakiza tarehe tu. Angalia kwanza kama wakati huo kweli ni wa UTC. Risiti yangu ile ya saa nane na dakika 57 usiku ilionekana `23:57`, na mtu anayesoma haraka angeapa kwamba iliuzwa kabla ya saa sita usiku. Ikiwa wakati tayari ni wa hapa, ondoa `+3/24`.

Kuna mambo mawili ambayo mpangilio hauyatibu. La kwanza ni saa ya simu yenyewe. Kijana wa kupeleka vyakula alikwenda Manyovu, simu ikashika mtandao wa Burundi ambako wako nyuma yetu kwa saa moja, naye akairekebisha kwa mkono na kurudi nayo hivyo. Chai iliyouzwa saa kumi na nusu ikaandikwa saa tisa na nusu, ikahamia jana. Sasa simu zote tatu zimewekwa zichukue saa kutoka mtandaoni zenyewe, na sehemu ya saa hakuna anayeigusa.

La pili ni simu inayochelewa kusinki. Simu ikikaa siku mbili bila bando, mauzo yake ya Jumamosi yatafika Jumatatu na kwenda mahali pake panapostahili, Jumamosi. Hilo ni sahihi, lakini jumla uliyokwisha kuiandika inabadilika. Programu hii huweka alama ya njano kwenye siku iliyobadilika baada ya kufungwa, na hicho ndicho kitu ninachokipenda zaidi ndani yake. Siandiki jumla ya siku kwenye daftari kubwa kabla ya simu zote tatu kuonyesha kwamba zimemaliza kupandisha. Vilevile, ulipobadilisha saa ya kukata, programu inakuuliza ianze lini. Mimi nilichagua ianze mbele, na siku zile mbili za Oktoba nikazirekebisha pekee, ili miezi niliyokwisha kulipia mishahara na wauzaji wa nyama isibadilike.

Mtandao wa simu haufuati siku yako ya biashara. Taarifa ya malipo ya lipa namba inageuka saa sita usiku, kwa hiyo ukilinganisha Jumamosi ya programu na Jumamosi ya taarifa hazitalingana. Nachukua taarifa ya siku mbili na kujumlisha kuanzia saa kumi usiku mpaka saa kumi usiku inayofuata, kwa kusoma muda wa kila muamala. Risiti ya EFD nayo inabaki na tarehe yake ya kalenda, na saa hii ya kukata ni ya hesabu za ndani tu, isitumike kubadilisha tarehe ya kodi.

Naipa programu nyota nne. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu inaruhusu saa moja tu ya kukata kwa matawi yote, na mwakani nataka kufungua kibanda cha supu Ujiji ambacho kitaanza kuuza saa tisa na nusu usiku.