Oda imeshalipwa, bodaboda anadai elfu mbili ya mlima: uzoefu wangu Isamilo

Huduma ni ya aplikesheni ya chakula kuletwa nyumbani kwa bodaboda, oda ya kutoka mgahawa wa katikati ya jiji la Mwanza kwenda Isamilo juu. Naipa nyota 2 kati ya 5, na zote mbili ni za mpishi, maana sato alifika wa moto.

Kabla ya kulipa, oda ilisomeka hivi: sato wa kukaanga na ugali 15,000, usafiri 3,000, ada ya huduma 500, jumla 18,500. Yote ililipwa kwa simu. Getini dereva akaushikilia mfuko na kudai 2,000 nyingine. "Bosi, kule wanahesabu barabara tu, huu mlima hawauhesabu."

Anayeijua Mwanza hawezi kuipuuza hoja hiyo moja kwa moja. Isamilo, Bugando na Mabatini nyumba zimepanda juu ya miamba, na kilomita moja ya kule si sawa na kilomita moja ya Barabara ya Kenyatta. Kuna mahali pikipiki inapanda kwa gia ya kwanza, na kuna mahali njia inaishia kwenye mawe, iliyobaki ni miguu. Mafuta ni ya dereva, na kampuni inakata chake. Hata hivyo, hilo ni la yeye na kampuni. Safari aliikubali akiwa ameona inakoishia na malipo yake.

Kuna hali moja tu ambapo anaweza kuwa na haki: pini ya kwenye ramani kukaa mahali pasipo nyumba yako. Mitaa mingi ya mlimani haina majina kwenye ramani, kwa hiyo ukiandika tu "Isamilo", pini inaweza kuangukia barabara ya chini. Nauli inapigwa hadi hapo, wewe unampigia dereva na kumwambia apande. Hapo umbali umeongezeka kweli. Dawa ni kukuza ramani, kuiburuta pini hadi kwenye paa la nyumba yako, halafu kuitazama nauli upya kabla ya kuthibitisha. Ikipanda, ujue ile ya kwanza ilikuwa ya bondeni. Kwenye oda hii pini ilikuwa getini kabisa, kwa hiyo 2,000 haikuwa na mguu wa kusimamia.

Jinsi ya kujua bila kugombana: mwombe dereva afungue oda kwenye simu yake. Upande wake kwa kawaida huonyesha kiasi anachotakiwa kukusanya kwa mteja. Oda iliyolipwa husoma sifuri. Huyu alipoulizwa, aligeuza simu upande wa pili na kushusha dai hadi 1,000. Ada halali haishuki kwa kuulizwa swali.

Kama huduma yenu ina namba ya kupokelea, ile ya tarakimu chache inayoonekana kwenye oda yako, usiitaje mfuko ukiwa bado mikononi mwake. Bila namba hiyo safari yake haifungiki, na ndiyo maana wengi huiomba mapema, wakiwa bado njiani.

"Ya kutolea" ni jambo jingine, na hapo mimi simlaumu dereva sana. Ukichagua kulipa ukipokea, oda inategemea noti. Ukimtumia kwenye namba yake binafsi, yeye atakatwa kwa wakala akitoa. Kuwa na noti kamili, au uliza kama kampuni ina Lipa Namba. Kwa oda iliyokwisha lipwa, ya kutolea haipo.

Ukiona usiku umeingia na bora umalize, usitoe noti. Tuma kwa simu. Ujumbe wa muamala unabaki na kumbukumbu namba, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Lilinganishe jina hilo na la dereva kwenye oda. Yakipishana, huenda akaunti anaiendesha mtu mwingine, na hilo liandike kwenye malalamiko. Noti haiachi alama yoyote, na jibu la kampuni litakuwa kwamba malipo hayo hayakupita kwao.

Malalamiko yalipelekwa kupitia sehemu ya msaada ndani ya oda yenyewe, yakiwa na namba ya oda, picha ya skrini ya jumla na ujumbe wa muamala wa ile 1,000 niliyoishia kumtumia dereva. Jibu la kwanza lilikuwa la kunakili, la kuomba radhi. Baada ya kuandikiwa tena kwamba pini ilikuwa sahihi, walirudisha 1,000, lakini kama salio la kutumia kwenye oda ijayo, si kwenye simu. Nyota ya tatu imepotelea hapo. Wangekataa kabisa, mlango unaofuata ni Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na vielelezo ni hivyo hivyo vitatu.

Kwa wanaoagiza dukani kwa kupiga simu tu, bila aplikesheni, haya hayawasaidii. Huko patana "mpaka getini, juu mlimani" kabla bodaboda hajawasha pikipiki, na bei hiyo akutumie kwa meseji.