Buti zilizoniachia soli Buguruni

Soli ningeisamehe. Kijana wa dukani ndiye aliyenitoa roho. Nimeingia na buti moja mkononi, mabaki ya soli yake ya kwanza kwenye mfuko, nimesalimia vizuri, naye hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Dada, hizi buti za ofisini, si za kulimia mpunga." Wateja wawili wakacheka. Huyuhuyu, masika yanaanza, alinizungushia kiatu hichohicho mbele ya uso: "Hii ndiyo ya mvua dada, wewe kanyaga dimbwi lolote." Nilitoa 65,000 bila kubembeleza sana, pale Kariakoo, nikaondoka nafurahi.

Na niseme ukweli, wiki za kwanza nilifurahi kweli. Ninakaa Segerea ndani ndani, barabara ya vumbi ambayo Aprili inageuka tope, halafu nabadili gari Buguruni. Mwaka huu nilikuwa nimejipanga. Jinzi niliziweka kabatini, kwa sababu jinzi ni pamba nzito: ikilowa chini kidogo tu, maji yanapanda yenyewe kwenda juu, na unashinda nayo ofisini mpaka saa za kutoka. Nikanunua suruali mbili za polista nyepesi. Hizo zikilowa Segerea, nikifika mjini zimebaki na unyevu tu, na upepo wa dirishani kwenye daladala unamalizia.

Pindo ndilo lililonipeleka kwa fundi cherehani. Nilimwomba apandishe suruali hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu, abane upana wa chini, na asikunje kitambaa mara mbili mbili kama walivyozoea. Akanishangaa. Lakini shika suruali yoyote iliyokaa kwenye kamba saa mbili, uiguse chini: mwili umekauka, pindo bado bichi, maana pale kuna tabaka tatu za kitambaa zimeshonwa pamoja. Akapiga overloki, akakunja mara moja, basi. Pindo likawa linakauka sawa na sehemu nyingine. Na ule upana uliobanwa haufagii barabara. Jambo jingine, wale mnaotoka na ndala ili viatu visilowe: ndala ndizo zinazowarushia tope nyuma ya suruali, kila kisigino kikinyanyuka. Buti haikurushii hivyo. Ndiyo maana niliipenda.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa baada ya Pasaka, mvua ya tangu usiku. Nimeshuka Buguruni, nimeruka mtaro, mguu wa kulia ukahisi baridi ghafla. Nikadhani nimekanyaga maji. Nikapiga hatua nyingine, kisigino kikabaki nyuma. Sisemi kilibanduka kidogo, nasema kilibaki barabarani, na mimi nimesimama na soksi. Konda akapaza sauti, "Mama, kiatu chako kinaomba lifti!" Nilicheka kwa aibu, lakini moyoni nilikuwa nawaka moto. Nikafunga kiatu kwa kamba yake mwenyewe, nikaburuza mguu hadi kwa mzee mmoja mshona viatu anayekaa chini ya mwavuli karibu na kituo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete tuone." Akageuza kiatu, akaminya soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ikamong'onyoka kama andazi la juzi, vipande vikadondokea mapajani mwake. Akachukua kile cha kushoto, ambacho mimi nilikiona kizima, akaminya ubavuni. Ukucha ukazama na alama ikabaki. "Hiki nacho kinakuja. Havikufa leo hivi. Vimefia stoo."

Akanielewesha, nami nimefuatilia baadaye nikakuta ndivyo. Kuna soli nyepesi za povu zinazotengenezwa kwa poliyurethani. Ni laini mguuni, hazichoshi, ndiyo maana zinapendwa. Ila unyevu wa hewani unazila taratibu kwa ndani, na joto linaharakisha, hata kiatu kikiwa kwenye boksi hakijawahi kuvaliwa. Kikikaa miaka kadhaa kwenye stoo ya Dar, unauziwa kiatu kinachong'aa juu na kilichooza chini. Mvua haikuharibu kitu, ilikuja kumalizia tu. Kwa hiyo habari ya kulima mpunga ni maneno ya mtu asiyetaka kurudisha hela.

Mzee alinionyesha pia namna ya kujua kosa ni la nani. Gundi ikiachia, soli inatoka nzima, safi, unaweza kuibandika tena jioni hiyohiyo. Soli ikiwa imeoza, nusu inabaki imeng'ang'ania kwenye kiatu na nusu inakuwa unga. Hapo gundi ilikuwa nzuri kuliko soli yenyewe. Yangu ilikuwa hivyo. Hapo hakuna kubandika, ni kuvua yote.

Nikamwachia viatu, nikaenda kazini na ndala za kuazima (tope mgongoni mwa suruali, kama nilivyosema). Jioni nikamkuta anamalizia. Alikwangua povu lote kwa kisu, akapiga msasa hadi ngozi ikawa na ukwaru, akapaka gundi pande zote mbili na kusubiri hadi ikawa hainati kidoleni. Hapo ndipo wengi wanapokosea, anasema, wanabandika ikiwa mbichi. Soli mpya ni ya mpira mtupu, nzito kidogo, yenye ukingo unaopanda ubavuni. Ukingo huo akaushona kuzunguka kiatu kizima kwa uzi wa nailoni aliouvuta kwanza kwenye nta. Ameshona ubavuni kwa makusudi, kwa sababu uzi ukipita chini unasagwa na lami na maji yanapata njia. Hata ubavuni yapo matundu, kwa hiyo dimbwi likipita ule mshono soksi italowa. Hilo alinieleza kabla sijatoa hela. 25,000, miguu yote miwili.

Nimezivaa tangu siku hiyo, na mvua zimepiga kwelikweli. Ngozi yake sijui waliitoa wapi, haijapasuka popote. Jioni naingiza magazeti ndani, nabadilisha kabla ya kulala, naziweka mbali na jiko, asubuhi ziko tayari. Zamani tungevaa rambo juu ya soksi mambo yakaisha, lakini rambo zilipigwa marufuku 2019, na sidai zirudi, nasema tu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeanza kuandika kwamba msinunue kabisa. Halafu nikaziangalia pale mlangoni na kwa kweli ni buti nzuri, zinakaa vizuri na zile suruali, hata bosi aliuliza nimezitoa wapi. Labda mnunue? Lakini tupige hesabu: 65,000 na 25,000 ni 90,000, kwa kiatu ambacho nusu yake kimetengenezwa na mzee wa Buguruni. Hapana. Nimeghairi, msinunue. Kwa hela hiyo unapata cha mpira kilichoshonwa tangu kiwandani. Na kiatu chochote cha soli laini, kiuzwe duka gani, minya ubavuni kwa ukucha mbele ya muuzaji; akikasirika mrudishie kiatu chake. Ila mkikutana na ngozi kama ile juu ya soli ya mpira, mniwekee, navaa namba 39.