Whisper na kanda za zamani za familia: uzoefu wangu nikiwa Mwanza

Whisper ni programu ya bure inayosikiliza sauti na kuiandika. Ilitoka mwaka 2022, na mimi natumia toleo lake liitwalo whisper.cpp, linalofanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe bila intaneti. Nimeitumia kwenye kanda za familia yetu, nyingi zikiwa za harusi, misiba na mikusanyiko ya kuanzia Kirumba hadi Misungwi na Ukerewe. Naandika hasa kwa ajili ya wenzangu ambao kanda zao zina lugha mbili, maana kwetu mzee huanza na Kiswahili cha kukaribisha wageni, akakolea, akahamia Kisukuma bila kuaga.

Neno langu kuu ni hili: maandishi ya Whisper kwa Kiswahili si ya kusoma kama hotuba iliyonukuliwa. Ni ya kukuonyesha dakika. Ukiyachukua hivyo, yanakulipa vizuri sana. Ukitaka kuyachapa kwenye kijitabu cha ukoo jinsi yalivyo, utamtia marehemu babu maneno ambayo hakuyasema.

Nieleze kwa kanda moja. Ni MiniDV ya sendofu iliyofanyika Misungwi, na saa moja ya kanda ya aina hiyo ikihamishwa bila kubanwa ni takriban GB 13. Hapo kuna mtego wa kwanza. Flashi nyingi na baadhi ya diski huwa zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Kompyuta itakataa kuihifadhi ilhali unaona diski ni tupu. Iandae upya kwa exFAT kabla ya kuweka chochote ndani, kwa sababu kuiandaa upya kunafuta kila kitu.

Mtego wa pili ni tarehe. Kanda hii pembeni ilikuwa imeandikwa "sherehe" tu, na tarehe iliyorekodiwa na kamera ilikuwa 01/01/2000, yaani betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Nilichofanya ni kuangalia nyuma ya watu. Wakati msafara unapita senta kuna duka lililopakwa rangi na jina la kampuni ya simu ya Zain. Celtel ilibadilika kuwa Zain Agosti 2008, kisha ikawa Airtel mwishoni mwa 2010. Lakini rangi ya ukutani hubaki miaka baada ya kampuni kubadili jina, kwa hiyo ukuta ule unathibitisha kitu kimoja tu: si kabla ya Agosti 2008. Upande wa pili nilisaidiwa na mtoto wa baba mdogo, aliyezaliwa Januari 2008. Kwenye kanda bado anatambaa mkekani. Shangazi naye anakumbuka ilikuwa likizo ya Desemba. Desemba ya 2009 mtoto yule angekuwa anakimbia, basi ni Desemba 2008. Faili ikaitwa hivi:

```
2008-12-xx_misungwi_sendofu_k07.avi
```

Mwaka unatangulia ili folda ijipange yenyewe kwa mfuatano, xx ni siku isiyojulikana, na k07 ni namba niliyoiandika pia kwenye kaseti yenyewe kwa kalamu isiyofutika. Usitegemee tarehe ambayo kompyuta inaonyesha pembeni ya faili, kwani ukihamisha faili huweza kubadilika. Tarehe ya kweli ikae ndani ya jina.

Sasa kazi ya Whisper. Kwanza natoa sauti peke yake, mkondo mmoja, kwa kipimo ambacho programu inakitaka, halafu naiendesha:

```
ffmpeg -i 2008-12-xx_misungwi_sendofu_k07.avi -vn -ac 1 -ar 16000 k07.wav
whisper-cli -m ggml-large-v3.bin -l sw -mc 0 -f k07.wav -osrt -of k07.mashine
```

Kile kipande cha `-l sw` ni cha lazima. Usipokiandika, programu huchukulia kwamba watu wanaongea Kiingereza, na itakupa Kiingereza cha kubuni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiiambia itambue lugha yenyewe nako si salama, kwa sababu inaamua kwa kusikiliza mwanzo wa sauti tu, na mwanzo wa kanda za sherehe zetu ni muziki na vigelegele.

Kuhusu modeli, yaani lile faili la ujuzi ambalo Whisper hulitumia kutambua maneno, kubwa ndiyo inayofaa. Ile ndogo iitwayo small ina kama MB 466 na inapakuliwa haraka, lakini kwa Kiswahili inavuruga viambishi hadi sentensi inapoteza mtendaji. large-v3 ina karibu GB 3, inakula bando, na kwenye kompyuta mpakato ya kawaida hufanya kazi polepole kuliko urefu wa kanda. Mimi huiacha usiku. Umeme ukikatika katikati na betri ikaisha, kazi imepotea, kwa hiyo kanda ndefu naikata vipande kabla ya kuanza.

Babu anaanza kuongea kwenye dakika ya kumi na kitu. Sehemu ya Kiswahili ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia: anashukuru wageni, anataja kinu cha kuchambulia pamba alikofanyia kazi, anataja Ukerewe. Kisha anasema "mwangaluka" kuwasalimia wazee waliokaa nyuma, mashine ikaandika "mwanga luka", na kuanzia hapo mambo yakageuka. Kisukuma hakimo katika lugha ambazo Whisper ilifundishwa. Haikuambii kwamba haielewi. Inachukua sauti za Kisukuma na kuzilazimisha ziwe maneno ya Kiswahili yanayofanana nazo, nawe unapata mistari inayoonekana kama sentensi za kawaida.

Namna ya kuitambua sehemu ya hivyo ni kuangalia upatanisho. Kiswahili kilichosikika vibaya bado huwa na sehemu zinazokubaliana, "watu wale walikuja", hata kama neno moja limekosewa. Kisukuma kilicholazimishwa hutoa maneno ya Kiswahili yasiyoshikana: jina la ngeli moja, kitenzi cha nyingine, hakuna kinachoelekea popote. Dalili nyingine ni mstari uleule kurudiwa mara nyingi mfululizo. Huo kwa kawaida si Kisukuma bali ni ukimya, upepo wa ziwani kwenye maiki, au ngoma. Whisper husikiliza sauti kwa vipande vya sekunde 30, na kipande kisicho na maneno huweza kukijaza kwa maneno yake. Ndiyo sababu ya `-mc 0` pale juu: inazuia maandishi ya kipande kilichopita yasiingie kwenye kinachofuata, hivyo kosa halijivuti kwa dakika nzima. Haliondoki kabisa, lakini linakoma mapema.

Sehemu ya Kisukuma nilikaa na Shangazi. Nilimwekea video, nikawa nasimamisha kila baada ya maneno machache. Alisikiliza kidogo akasema, "Rudisha hapo mwanangu, hapo anataja waliovuka na mtumbwi kutoka Ukerewe." Mashine ilikuwa imeandika habari za mlango. Nikafuta mistari ile na kuandika Kisukuma kama alivyonitamkia, chini yake maana kwa Kiswahili, na mbele ya kila mstari neno KISUKUMA kwa herufi kubwa. Neno hilo lisilobadilika linaniwezesha kesho kutafuta sehemu zote za Kisukuma kwenye kanda zote kwa mara moja. Wazee wenye masikio ya kuifasiri lugha hiyo ya ndani kabisa wanapungua, kwa hiyo kanda za Kisukuma ndizo ninazozitanguliza, hata kabla ya harusi ambazo kila mtu anaziulizia.

Marekebisho hayo yanakaa kwenye faili tofauti, yenye jina lilelile la video na mwisho wa `.srt`. Ya mashine inabaki `k07.mashine.srt`. Ukirekebisha ndani ya faili ya mashine, siku ukiendesha Whisper tena kwa modeli bora zaidi itaandika juu ya kazi ya Shangazi. Tena ukiipa `.srt` jina la video, VLC inaifungua yenyewe na maandishi yanatokea chini ya picha.

Kutafuta ndiko kulikonifanya nione faida ya yote. Binamu alitaka kujua babu alisema nini kuhusu pamba:

```
grep -rin "pamba" --include="*.srt" .
```

Ikaja orodha ya faili na mistari, na kwenye faili kila mstari una dakika yake juu. Nikamkatia kipande akasikiliza kwa masikio yake. Ila majina yetu yanasumbua. Jina kama Ng'wandu mashine inaweza kuliandika kwa alama ya ritifaa iliyonyooka, au iliyopinda, au bila alama, au kwa mtindo wa Kiswahili, Mwandu. Ukitafuta umbo moja utaambiwa halipo. Mimi natafuta hivi, ambapo nukta na alama ya kuuliza vinakubali herufi yoyote moja au kutokuwepo:

```
grep -rinE "(ng.?w|mw)andu" --include="*.srt" .
```

Kuhusu kuhifadhi sina mengi. Nakala moja iko kwangu, ya pili kwenye diski iliyoko kwa baba mdogo Sengerema, na maandishi yote, ambayo ni madogo sana, yamo pia kwenye barua pepe. Video usiitumie kama hifadhi kupitia WhatsApp, maana inaibana na hicho kilichopotea hakirudi. Kabla diski haijavuka ng'ambo naandika alama za utambulisho za faili, na ikirudi nazikagua:

```
sha256sum *.avi > orodha.sha256
sha256sum -c orodha.sha256
```

Faili ikisomeka FAILED, naichukua upya kutoka nakala nyingine mara moja, kabla diski hiyo haijaharibu zingine.

Kitu ambacho Whisper haifanyi kabisa ni kukuambia nani anaongea. Kwenye sendofu ile washenga wawili wanabishana kuhusu ng'ombe wa mahari, na maandishi yanatoka kama mtu mmoja anayejipinga mwenyewe. Watu wanapoongea kwa pamoja, huandikwa yule mwenye sauti ya juu na mwingine humezwa. Mwanzo wa kila mstari nimeweka wadhifa wa msemaji kwa mkono: BABU, MSHENGA-KE kwa upande wa mke, MSHENGA-ME kwa upande wa mume. Kazi hiyo inachukua muda kuliko kusahihisha maneno, na kwa kanda ya mazungumzo ya mahari ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu bila jina la msemaji huwezi kujua ng'ombe walioahidiwa waliahidiwa na nani.