Uzoefu wangu: bima ya Land Rover 109 ya mwaka 1978 hapa Dodoma

Land Rover yangu ni Series III, ile ndefu ya 109, injini yake ya petroli ya lita 2.25 ikiwa ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Wengi wameshaweka injini ya dizeli ya Kijapani, sisemi kitu, lakini kwenye bima hilo lina uzito wake na nitalifikia.

Kampuni ya kwanza niliyoiendea iliniandikia bima kubwa ya shilingi milioni 26, kwa asilimia 3.5. Hiyo ni 910,000, ukiongeza VAT inafika 1,073,800. Nilikuwa karibu kulipa. Kilichonizuia ni mstari mmoja kwenye hati: gari likipotea au likiharibika kabisa, watalipa thamani ya soko ya siku ya ajali, na milioni 26 ni kikomo tu. Nikamuuliza ajenti, leo soko linasemaje? Akacheka. "Mzee, gari la miaka hii asesa hakupi zaidi ya milioni tisa." Kwa hiyo ada nilipe ya milioni 26, na gari likiungua nipewe tisa. Nikaaga.

Dalali wa bima ndiye aliyenitafutia kampuni iliyokubali thamani ya makubaliano. Hapa kiasi kinafungwa kabla ya hati kutoka, na gari likiibiwa au kufa kabisa hakuna mjadala wa uchakavu. Kazi yake ni kubwa kidogo. Mthamini alikuja nyumbani Kisasa, akalala chini kuangalia chesisi, maana bodi ya gari hili ni alumini haishiki kutu, kutu inakula chesisi. Akalinganisha namba ya injini na ya kwenye kadi. Kama ningekuwa na injini ya kubandika isiyo kwenye kadi, alisema, tungeanzia TRA kwanza. Risiti za matengenezo nazo zilihesabiwa. Akaandika milioni 26, ada ikabaki palepale.

Mwaka huohuo nikaijaribu. Nikitoka Bahi jioni, ng'ombe wakakatiza barabara, nikakwepa nikaingia mtaroni. Madigadi ya kulia, rejeta, bampa, na fremu ya mbele ikapinda. Gereji ikakadiria milioni 6.4.

Hapo ndipo nilipoona faida ambayo sikuwa nimeambiwa na mtu. Kampuni za bima hulinganisha gharama ya kutengeneza na thamani ya gari. Milioni 6.4 kwenye gari la milioni tisa ni zaidi ya theluthi mbili: hapo kampuni nyingi huliandika limekufa, zinakulipa na kuchukua mabaki. Kwa milioni 26, ni robo. Gari likaenda gereji. Ekses yangu ni asilimia 10 ya dai, nikatoa 640,000. Kwa hiyo namba mliyokubaliana inaamua pia kama gari lako litarudi nyumbani au litaishia kwenye mnada wa mabaki. Hata hivyo niliomba kiandikwe kifungu kwamba likifa kweli, mimi nina haki ya kwanza ya kununua mabaki. Hawakukiweka mpaka nilipokidai.

Wasilolipa vizuri ni vipuri. Thamani ya makubaliano haikusaidii hapo: rejeta mpya badala ya ya zamani, walinikata sehemu kwa sababu ya uchakavu. Sikufurahi, ila kifungu kipo.

Sasa masharti ya kuendesha. Nimepewa kilomita 5,000 kwa mwaka, si la kwendea kazini Mtumba kila siku, lilale ndani ya geti, na niwe na gari lingine la shughuli za kawaida. Kwa mtu wa Dodoma 5,000 si kidogo. Kondoa kwenda na kurudi ni kama kilomita 320, kwa hiyo hata ukienda kila mwezi unabakiwa na nafasi. Ila harusi! Ndugu wakishajua una Land Rover ya kizamani, kila Jumamosi ni bibi harusi. Dalali alinionya kwamba hata kumbeba kwa malipo ya mafuta tu kunaweza kuhesabika biashara, na bima yangu ni ya matumizi binafsi. Shemeji alinuna, basi.

Kinachosumbua zaidi ni waya wa spidomita. Ukikatika, kilomita zinasimama, na picha ya dashibodi niliyowatumia mwanzoni haina maana tena. Siku ya dai wanaweza kusema nimepitiliza. Wangu ulipokatika nilipiga picha namba ilipogota, nikamtumia dalali siku hiyohiyo, na fundi alipoweka mpya nikapiga nyingine na risiti. Walijibu kwa maandishi, nimeihifadhi barua.

Makubaliano ni ya mwaka mmoja. Wiki chache kabla ya kuhuisha, mthamini anarudi, na safari hii anataka kuona fremu ya mbele ilivyonyooshwa.