Gharama kuzidi au mwaka mmoja kuchelewa

Tuchukulie mfano wa jengo la ghorofa jijini Dar es Salaam ambalo limemgharimu mwekezaji shilingi milioni 1,000, zilizolipwa mwanzoni, na ambalo litauzwa kwa milioni 1,300 baada ya miaka 2. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 12 kwa mwaka, yaani faida ambayo fedha hizo zingeleta kwingineko, mauzo hayo yana thamani ya leo ya takriban milioni 1,036, hivyo faida halisi ni milioni 36.

Gharama ikizidi kwa milioni 100 zinazolipwa mapema, faida hiyo hugeuka hasara ya milioni 64. Gharama isipozidi lakini jengo likachelewa mwaka mmoja, thamani ya mauzo hushuka hadi milioni 925 na hasara hufikia milioni 75, kabla hata ya kuhesabu mishahara ya walinzi na gharama ya kukodi mashine zilizosimama. Mimi ningeogopa zaidi ucheleweshaji, kwa kuwa hauonekani kwenye ankara yoyote.

Hata hivyo, mwaka ukipotea kabla fedha hazijatoka, kwa mfano kibali kikisubiriwa, gharama nayo husogea mbele, na faida hupungua kutoka milioni 36 hadi 32 tu.