Kibodi ya Chromebook: Caps Lock na F4 zimeenda wapi?

Haya, tuisogelee kibodi yenyewe. Hapa kushoto, kati ya Tab na Shift, umezoea kukuta Caps Lock. Kwenye Chromebook nyingi pana kitufe chenye alama ya kioo cha kukuzia au ya duara. Hicho ndicho Search, na leo nakichambua hicho tu, kwa sababu ukishakielewa, karibu kila kitu unachodhani hakipo kwenye kibodi hii utakipata. Kuna modeli mpya chache zilizokihamisha na kuongeza Fn. Hizo siziongelei hapa.

Kwanza herufi kubwa. Kidole kilichozoea Caps Lock kitabonyeza Search kabla hujafikiri. Angalia: nataka kuandika MKATABA, nabonyeza, menyu ya programu inafunguka, na neno langu linaingia kwenye kisanduku cha kutafutia badala ya kwenye waraka. Ukiona hivyo usibonyeze Enter, maana utapelekwa kwenye matokeo ya utafutaji. Bonyeza Esc hadi menyu ifungike, urudi ulikokuwa. Caps Lock yenyewe ipo: shikilia Alt, bonyeza Search. Kuizima, rudia vivyo hivyo, au gusa Shift mara moja. Hilo la Shift huwashangaza watu: wako katikati ya kichwa cha habari, wanagusa Shift peke yake bila kukusudia, na herufi zinarudi kuwa ndogo.

Sasa safu ya juu, ambako ndiko kwenye kazi. Hakuna F1 wala F2 iliyochapwa, ni michoro tu. Lakini namba zipo, zimefichwa. Iache Esc, anza kuhesabu mchoro unaofuata: huo ni F1, wa pili F2, na kuendelea. Ukishikilia Search na kubonyeza mchoro, kompyuta inapokea F yenye namba hiyo.

Tujaribu kwenye Google Sheets. Bei ziko B2 hadi B20, na asilimia ya kamisheni iko D1. Kwenye C2 naandika:

```
=B2*D1
```

Nikiivuta fomula hii hadi chini, C2 itakuwa sawa, ila C3 itasoma D2, seli tupu, na itatoa sifuri. Safu ya kwanza sahihi, zilizobaki sifuri: hiyo ndiyo dalili kwamba seli haikufungwa. Kwenye kibodi za kawaida, kishale kikiwa kwenye D1, unabonyeza F4 ili iwe hivi:

```
=B2*$D$1
```

Hapa je, F4 ni ipi? Inategemea umri wa mashine. Angalia mchoro wa pili baada ya Esc. Ukiwa ni mshale wa kwenda mbele, basi F4 ni mchoro wa skrini nzima. Ukiwa ni mshale unaozunguka, ule wa kupakia ukurasa upya, mshale wa kwenda mbele umeondolewa, kila kitu kimesogea nafasi moja, na F4 ni ule mchoro wa madirisha. Shikilia Search, bonyeza huo, D1 inapata alama zake za dola. Ukisahau Search, madirisha yote yatatandazwa mbele yako, au ukurasa utajaa skrini. Hapo hakuna hasara. Hasara iko kwenye F2 ya mashine mpya, ambayo wengi huitumia kuhariri seli: bila Search, ukurasa unapakiwa upya, na kama ulikuwa unajaza fomu mahali pengine, ulichoandika kinaweza kupotea.

Anayetumia F hizi siku nzima aingie Settings, kisha Device, kisha Keyboard, awashe chaguo la kuigeuza safu ya juu kuwa vitufe vya F. Baada ya hapo mambo yanapinduka: mchoro peke yake ni F, na mwanga au sauti unavipata ukishikilia Search. Kwa mtu wa mahesabu mimi ningeiwasha. Kwa anayetazama video na kuandika barua, aiache.

Hapohapo kwenye Keyboard unaweza kuamuru Search iwe Caps Lock. Wengi hukimbilia hapo siku ya kwanza, na mimi sikushauri. Delete kwenye kibodi hii ni Search na Backspace. Home na End ni Search na mshale wa kushoto au wa kulia. Kupanda na kushuka ukurasa mzima ni Search na mshale wa juu au wa chini. Ukiigeuza Search, vyote hivyo vinaondoka nayo, pamoja na F zako, na utabaki na Caps Lock ambayo tayari ulikuwa nayo kwa Alt.